Bena Muzimu wa Musonoi

Sikilizeni, enyi mataifa! Mimi, Glodie Mukalay, mwanafunzi wa bweni kwa masista, mshindi wa tuzo ya kukariri na mara mbili wa adhabu ya kufagia kanisa, natangaza mbele ya mbingu na migodi kwamba nimelipatia jimbo la Lualaba kabila jipya. Kabila hilo lina watu kumi na tisa. Halina chifu, halina ngoma, halina lugha. Lilizaliwa Jumanne, saa nne asubuhi, na mwanzilishi wake alikuwa na makombo ya karanga kwenye kidevu.

Ni likizo tu iliyonileta hapo. Baba yangu mdogo, tata Symphorien, ana chumba kimoja kando ya barabara ya Musonoi, chenye mashine ya fotokopi na kompyuta inayokohoa. Mlangoni ameandika kwa rangi nyekundu: SECRÉTARIAT PUBLIC. Watu wanakuja hapo kuandikiwa barua, na mwezi ule walikuja kwa ajili ya fomu. Kampuni moja inayofanya kazi kwenye shimo jipya la mgodi ilikuwa inatafuta watu themanini: madereva, walinzi wa barabara, na wapima malori kwenye mzani. Baba mdogo alikuwa na maumivu ya mgongo. Alilala nyumbani, akaniachia kiti, na ufunguo, na onyo: "Andika vile batu banakuambia. Usiongeze kintu."

Kabla ya fomu kugawiwa, mtumishi wa kampuni, mama Naomie, alikuja kutueleza. Alisimama mlangoni na karatasi mbili mkononi, moja nyeupe, moja ya kijani.

"Hii nyeupe njo maombi yako," alisema. "Jina, masomo, kazi ulishafanya. Kila mutu anajibu. Hii ya kijani si lazima. Inauliza kama wewe ni mwanamuke ao mwanaume, kama uko na ulemavu, na kabila yako. Ukitaka, jibu. Ukikataa, weka alama pale 'sipendi kujibu', hakuna mutu atakukasirikia. Haina jina, iko na namba tu. Inaingia mu ambulopu, bahasha yake, na wale banaochagua batu habaione hata kidogo."

"Sasa munaiuliza ya nini?" aliuliza Jeancy, kijana mchimbaji anayeishi nyuma yetu.

"Kwa kuhesabu. Batu ba hapa banalalamika kama wakubwa banaleta bandugu yabo. Sawa. Tutahesabu nani aliomba na nani aliingia. Kama banamuke mia baliomba na hakuna hata mumoja aliingia, tutajua kuna kintu kimeoza. Na tutabandika hesabu ku komini, ku ofisi ya serikali, kila mutu asome."

Alisema na mengine. Najua alisema mengine kwa sababu mdomo wake uliendelea kwenda. Lakini mimi wakati huo nilikuwa nyuma ya mashine, nimejifunga kitambaa kichwani kama cha kwake, namwiga jinsi anavyoinua nyusi, na Jeancy alikuwa anakufa kwa kucheka. Kumbukeni hilo. Litakuja kunitafuta.

Basi watu wakaja. Nyeupe waliijibu bila shida. Ya kijani waliishika kama mtu anavyoshika panya kwa mkia. Swali la mwanamke au mwanaume liliwachekesha. La ulemavu walilipita haraka. Lakini kwenye neno "kabila" sauti zilishuka, hata za watu wanaopiga kelele sokoni siku nzima.

"Acha bupu," walisema. "Usiandike kitu pale."

Mtu mwenye akili angeweka alama pale "sipendi kujibu". Mimi nilikuwa na kalamu ya wino wa zambarau, ile tunayopewa na masista, na nilikuwa na asubuhi ndefu. Kwenye karatasi ya kwanza iliyoachwa wazi nikaandika, kwa mwandiko wangu bora wa shule: Bena Muzimu. Watu wa mzimu. Niliona linapendeza. Huku kwetu watu wengi wanaitwa Bena hivi na Bena vile, nani angehoji? Nikaandika kwenye ya pili, na ya tatu. Kila karatasi ikishapata namba naikunja, naitia kwenye bahasha, najilamba kidole kama karani wa zamani. Kufika jioni walikuwa kumi na tisa.

Wa kumi na tisa alikuwa mama Kabedi.

Mama Kabedi ni jirani yetu. Kwa miaka saba amepima magunia ya mawe kwa wanunuzi wa Mutoshi, na wachimbaji wanasema akigusa gunia kwa goti anajua kilo zake. Hakuwahi kuwa na mkataba. Siku mnunuzi akiondoka, kazi inaondoka naye. Alitaka ile kazi ya mzani kuliko nilivyowahi kuona mtu akitaka kitu. Alikuja amevaa kitenge cha Jumapili, ingawa fomu haina macho.

Tulipofika kwenye ya kijani alinishika mkono.

"Glodie, mutoto wangu. Hapa pa kabila, usiandike."

"Juu ya nini, mama?"

Alitazama barabara kwanza. Kisha akaniambia, taratibu, kama mtu anayehesabu ngazi gizani. Alikuwa na miaka minane. Baba yake alikuwa fundi, mtu wa Kasai aliyezaliwa hapahapa Kolwezi. Siku moja mtu wa ofisini alipita nyumba kwa nyumba na daftari, akiuliza kwa upole: jina, watu wangapi, kabila gani. Mama yake alimpa maji ya kunywa. Wiki mbili baadaye vijana walikuja na daftari lilelile, wakiwafukuza watu wa Kasai. Yeye na wazazi wake wakalala kwenye kituo cha reli pamoja na maelfu, juu ya magodoro, chini ya mvua, wakingoja gari-moshi la kuwarudisha mahali ambapo hawakuwahi kuwa. Hapo kituoni alipata homa. Homa ilipoondoka, ilikwenda na sikio lake la kushoto, na siku chache baadaye ilikwenda na baba yake. Yeye alirudi Kolwezi ameshakuwa mke wa mtu.

"Hili sikio limekufa," alisema akiligusa. "Lakini usiku njo linasikia. Linasikia ile gari-moshi. La kuume, lenye liko muzima, halisikie kitu."

Nilisema pole. Nadhani nilisema.

"Ila hii ya sikio uandike," aliongeza. "Niliambiwa ku jaribio banakuvalisha kaski ya ku sikio, banakusomea kilo mu redio, unaandika. Uandike kama mi nasikia upande wa kuume tu. Banipe kaski ya kuume. Nitaandika zote, sitakosa hata moja."

"Nimeandika, mama. Usijali."

Na niliandika kweli. Kwenye karatasi ya kijani, penye neno "ulemavu", nikaweka alama, na pembeni nikaandika vizuri: "Anasikia sikio la kulia tu. Apewe kaski ya kulia." Kwenye ile nyeupe, mwisho kabisa, kulikuwa na mstari nilioupita siku nzima bila kuusoma. Nikaupita tena. Alipokwenda, mkono wangu, wenye mazoea tayari, ukashuka penye kabila na kuandika Bena Muzimu. Niliona ni heshima. Niliona namficha.

*

Hesabu zilibandikwa komini baada ya majaribio ya kwanza. Makundi yenye watu chini ya kumi hayakutajwa. Yalitiwa pamoja kwenye mstari wa "wengineo", ili mtu asije akamnyooshea kidole jirani yake. Ningekuwa mvivu kidogo tu, nikaishia watu tisa, kabila langu lingezikwa hapo kimyakimya. Lakini mimi ni binti wa bidii. Katikati ya karatasi, kwa herufi za mashine, ilisomeka: Bena Muzimu, waombaji 19, waliopita 11.

Hakuna kundi jingine ambalo hata nusu ya watu wake walipita.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Jioni hiyo nilikuwa bado nacheka. Asubuhi ya pili Musonoi yote ilikuwa inauliza Bena Muzimu ni akina nani.

"Ni batu ba Angola," alisema mwanamke wa mikate. "Banaingiaka na Dilolo, ku mupaka."

"Apana. Ni bale balifunikwa na udongo mu shimo," alisema Jeancy, na hakuwa anatania. "Patroni anabachukua juu habakule, habachoke, habaombe likizo. Kamarade yangu alimuona mumoja ku barabara ya malori. Kofia nyeupe, kivuli hana."

"Wewe uliitwa ku jaribio la pili?" nilimuuliza.

"Nimeitwa."

"Basi pengine wewe ni Bena Muzimu."

"Kinywa yako!" alifoka, akajigusa kifuani na mabegani kwa ishara ya msalaba. Maskini hakujua kwamba alikuwa raia wangu namba nne.

Mzee mmoja alikuja kwenye chumba cha baba mdogo, akainama hadi sikioni mwangu. "Mama mudogo, unaweza kuniandika na mi Bena Muzimu? Naona njo banapata kazi." Nilimwambia kabila limefungwa, halipokei tena. Akaenda kwa huzuni.

Siku ya tatu nikaacha kucheka. Mtu alikuwa amechora msalaba wa chaki kwenye milango miwili ya watu waliopita jaribio, na juu yake B.M. Nilipopita pale jioni, saa ya baruti, mlipuko wa shimoni ukatikisa ardhi kama kila siku, na vumbi likashuka juu ya paa. Chaki haikudondoka. Niliporudi kazini nikaanza kuwaona Bena Muzimu wangu. Walikuwa kumi na tisa, wamekaa kwenye benchi la baba mdogo, wanangoja zamu, kila mmoja na karatasi ya kijani mapajani, kichwa kimeinama. Nilijua ni uchovu na usingizi. Hata hivyo niliketi nimewapa mgongo, na nikasikia wakigeuza karatasi.

Nikaenda kwa mama Kabedi ili nikae na mtu aliye hai. Karibu na mlango wake ulikuwa mfuko mkubwa wa mistari, umefungwa kamba.

"Unasafiri, mama?"

"Alhamisi. Kuna lori ya Lubumbashi. Toka pale nitaona."

"Na kazi?"

Alikuwa anakunja mashuka. Hakusimama.

"Nilianguka jaribio. Balinipa kaski ya kushoto. Upande moja tu, wa kushoto, juu sikio la kuume lisikie dereva ku dirisha. Balisoma kilo mara ishirini na ine. Mi niliandika sufuri. Nilikaa tu na kalamu."

"Kwa nini hukuwaambia?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye kiziwi.

"Kubaambia nini? Bilikuwa mu karatasi. Uliandika, ao? Balijua. Balijua, na balinipa ya kushoto. Halafu naona ku komini kuko jina ya kabila yenye hakuna mutu anaijua, na mi niliacha bupu. Kuko mutu aliandika pale penye niliacha bupu. Glodie, mi najua ile daftari. Kwanza banauliza na upole."

Alikunja shuka la mwisho. "Tangu juzi hata muchana ninaisikia ile gari-moshi," alisema, akagusa sikio lile.

Nilirudi nyumbani nikachukua fomu nyeupe iliyobaki, moja, safi. Nikaisoma kwa mara ya kwanza, kuanzia juu. Mwisho kabisa, kwenye mstari nilioupita mara nyingi, ilisema: "Je, unahitaji msaada au mpangilio wowote ili ufanye jaribio? Eleza hapa. Wasimamizi wa jaribio watasoma jibu hili." Na chini ya ile ya kijani, kwa herufi ndogo: "Majibu haya hayafiki kwa wasimamizi wala wachaguzi."

Hayo ndiyo yalikuwa yale mengine, siku mdomo wa mama Naomie ulipoendelea kwenda nami nikiinua nyusi.

Hakuna aliyejua habari za sikio lake. Niliiweka kwenye bahasha ambayo kazi yake ni kunyamaza, nayo ikanyamaza. Walimpa kaski ya kushoto kama walivyompa kila mtu.

*

Jumatano mama Naomie aliitisha mkutano kwenye ukumbi wa parokia. Watu walijaa mpaka madirishani. Mama Kabedi alikaa nyuma, karibu na mlango, kama mtu anayetaka kuona njia. Nilikwenda kukaa kando yake, upande wa kushoto. Sikuchagua upande huo kwa bahati.

Mama Naomie alikuwa na furushi la karatasi za kijani. Hakuwa na uso wa hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Tumeondoa ile hesabu ku komini," alisema. "Bena Muzimu hawako. Niliuliza bachifu, niliuliza padri. Hakuna. Hizi karatasi kumi na tisa, pa kabila tutaziweka na zile hazikujibiwa. Hazina majina, na sitafungua majina. Bale balipita, balipita na nguvu yabo mu jaribio. Nani anachora chaki ku milango, aache."

Minong'ono ikapita. Akainua karatasi mbili, moja kila mkono.

"Ila sikilizeni. Fomu zilijazwa mu bilo tano za kuandikia batu, na kalamu za bluu ao nyeusi. Hizi kumi na tisa zote, neno moja ile, mukono moja ile, na wino wa zambarau."

Sijui kama mmewahi kusikia ukumbi mzima ukigeuza shingo. Unatoa sauti kama nguo inayochanika. Nilitazama kidole changu gumba. Likizo nzima kilikuwa cha zambarau.

"Glodie," alisema baba mdogo kutoka safu ya pili, huku ameshika mgongo. "Simama."

Nilisimama. Nikasema ni mimi. Nikasema ilikuwa mchezo, kwamba Bena Muzimu wote walikuwa watu wa hapa, walioniambia niache wazi nami sikuacha. Kuna waliocheka. Kuna waliolaani. Jeancy alisema kwa sauti ya mtu aliyefufuka, "Kumbe mi nilikuwa muzimu mwezi muzima na haukuniambia?" na kicheko kikazidi. Mwanamke mmoja wa milango yenye chaki hakucheka. Alikuja mpaka mbele yangu, akanitazama, akarudi kukaa.

Mama Naomie aliweka karatasi chini. "Malalamiko juu ya jaribio napokea mpaka Ijumaa, saa tisa," alisema. "Kama fomu ya mutu ilijazwa vibaya, aje na aliyemuandikia. Jaribio litarudiliwa."

Kisha akanitazama. "Ni hii tu, Glodie? Ao kuko ingine?"

Ningeweza kusema yote pale mbele ya watu. Lakini sikio halikuwa langu kulitangaza. Mama Kabedi alikuwa ameliacha kwenye karatasi isiyo na jina, na nilikuwa nimeshasema ya kutosha kwa majina ya wengine. Nikatikisa kichwa na kukaa. Nafsi yangu ikaniambia: umemaliza, umekiri, umetukanwa, nenda nyumbani ule.

Kando yangu mama Kabedi alikuwa ameshika kitenge chake magotini. Kesho lori. Nikainama karibu naye, upande ule wa kushoto, nikasema taratibu kabisa, kwa haraka, ili niweze kusema baadaye kwamba nilisema:

"Mama, hawakujua. Niliandika habari ya sikio mahali pabaya, kwenye ya kijani. Ni mimi."

Hakusogea. Nikaegemea kiti. Nikawaona wale kumi na tisa wamesimama ukutani, na mmoja wao akatikisa kichwa.

Ndipo mama Kabedi akanigeukia, pole pole, mwili mzima, mpaka sikio lake la kulia likawa mbele ya mdomo wangu. Herini yake ndogo ya shaba ilining'inia hapo.

"Niliona midomo yako inacheza," alisema. "Weye mujanja. Unasemea mu sikio yenye ilikufa. Sema tena, mutoto wangu. Semea huku."

Nikasema tena. Nilisema nilichoandika, na nilipoandika, na mstari nilioupita, na kwa nini sikumsikiliza mama Naomie siku ile, na kitambaa kichwani, na nyusi. Nikasema hakuna daftari. Nikasema palikuwa na mimi tu, na kalamu. Nikasema aache lori la kesho, malalamiko yanapokewa mpaka Ijumaa saa tisa, na kwamba siku hiyo nitakuwa mlangoni kwa kampuni saa kumi na mbili asubuhi, na akitaka nitasema haya yote mbele yao, na asipotaka nitasema yale tu atakayoniruhusu. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha, kama anapokea kilo kutoka redioni na hataki kukosa hata moja.